Maswali ya kudhoofisha hoja na dhana iliyojificha: kwa nini jibu hapa ni B na si E?

Penseli_HB

Habari za jioni wakuu. Nimebakiza wiki tano niufanye mtihani wa GMAT. Sehemu ya lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, na yanayonitesa ni yale ya kudhoofisha hoja. Machaguo matatu huwa nayafuta bila shida, nabaki na mawili, halafu nachagua lisilo. Swali hili tulitungiana kwenye kikundi chetu cha kusoma, na aliyelitunga anasema jibu ni B:

> Mwaka jana mji mmoja uliweka kamera za mwendo kwenye makutano 20 ya barabara, yale yaliyoongoza kwa ajali mwaka juzi. Mwaka juzi makutano hayo yalikuwa na jumla ya ajali 160. Mwaka jana zilikuwa 112. Kwa hiyo kamera ndizo zilizopunguza ajali katika makutano hayo.
>
> Kipi kati ya hivi, kikiwa ni kweli, kinadhoofisha zaidi hoja hii?
>
> A. Baadhi ya madereva waliopita kwenye makutano hayo mwaka jana hawakujua kuwa kuna kamera.
>
> B. Makutano mengine 20 ya mji huo, ambayo mwaka juzi yalikuwa na ajali karibu sawa na hayo lakini hayakuwekewa kamera, yalipata ajali 150 mwaka juzi na 108 mwaka jana.
>
> C. Kuweka kamera kuligharimu zaidi ya bajeti iliyopangwa.
>
> D. Makutano yaliyokuwa na ajali chache mwaka juzi, ambayo hayakuwekewa kamera, yalipata ajali nyingi kidogo zaidi mwaka jana.
>
> E. Hata baada ya kamera, makutano hayo 20 bado yana ajali nyingi kuliko wastani wa makutano ya mji huo.

Mimi nilichagua E. Niliona kama makutano hayo bado yanaongoza kwa ajali, basi kamera hazijasaidia kitu. Nimekosea wapi?

KasiYaUpepo

Mkuu, haya maswali yana kanuni moja tu. Ukiona hoja inasema "hiki kimesababisha kile", tafuta chaguo linalotaja sababu nyingine. B inataja sababu nyingine, kwa hiyo B. Na ukiona neno "baadhi", futa moja kwa moja, ndiyo maana A inatoka. Kwa kanuni hizi mbili namaliza swali ndani ya dakika moja.

Msafiri_77

Mimi naona hakuna jibu hapo. Kamera zinasaidia, hilo kila anayeendesha gari analijua. Ukiiona kamera mguu wenyewe unaacha mafuta. Na hiyo B haiwezekani. Mji gani utakuwa na makutano mengine 20 yanayolingana hivyo? Aliyetunga swali hajawahi kukaa na watu wa barabara.

Mzee_wa_Mizani

Nimesoma wote watatu, na nafurahi mmeandika mlivyofikiri badala ya kutaja herufi tu. Nimefundisha maswali haya miaka mingi, na makosa ninayoyaona hapa ndiyo yaleyale yanayomwangusha mtu hodari.

Penseli, tuanze na E yako. Kabla hujagusa machaguo, rudi kwenye hitimisho ulisome neno kwa neno, kama unavyosoma mkataba kabla ya kutia saini. Linasema kamera ndizo *zilizopunguza* ajali katika makutano hayo. Halisemi zimezimaliza, wala halisemi makutano hayo sasa ni salama kuliko mengine. Makutano yanaweza kushuka kutoka ajali 160 hadi 112 na bado yakawa juu ya wastani wa mji. Mgonjwa mwenye homa ya nyuzi 40 akishuka hadi 38 bado ana homa, lakini huwezi kusema dawa haikufanya kazi kwa sababu tu bado ana joto. E inapigana na mtu aliyesema "makutano haya sasa ni salama", na mtu huyo hayumo kwenye swali. Ni mtego wa kawaida kabisa: jibu linaipinga hoja inayofanana na hii, halafu kichwa kinakamilisha kilichobaki.

Msafiri, ndugu yangu, maneno "kikiwa ni kweli" ndiyo ufunguo wa swali zima. Hatuulizwi kama B inawezekana. Tunaambiwa tuichukue kuwa imethibitishwa, halafu tuulize: je, sasa hitimisho linasimama kama lilivyosimama mwanzo? Vilevile hatuulizwi kama kamera zinasaidia duniani. Inawezekana zinasaidia sana. Tunaulizwa kama *ushahidi huu*, yaani 160 kushuka hadi 112, unatosha kusema hivyo. Hoja inaweza kuwa dhaifu huku hitimisho lake likiwa kweli.

Sasa KasiYaUpepo. Umefika kwenye jibu, lakini kwa njia ambayo siku nyingine itakupeleka kwingine. Hebu soma B tena. Imetaja sababu gani nyingine?

KasiYaUpepo

Imetaja... makutano mengine. Sawa mzee, haijataja sababu. Lakini inaonyesha kuna kitu kingine.

Mzee_wa_Mizani

Ndivyo. Inaonyesha kwamba kushuka kwa ajali kulitokea hata pale ambapo kamera hazikuwepo. Haisemi ni nini kilichofanya hivyo. Labda mvua zilikuwa chache mwaka jana, labda magari yalipungua, hatujui na wala hatuhitaji kujua. Wanaosubiri jibu litakaloitaja sababu nyingine kwa jina huipita B bila kuiona, kwa sababu B imevaa nguo za takwimu tu.

Kila hoja ya namna hii ina ufa kati ya ushahidi na hitimisho. Ushahidi unasema: ajali zilishuka *baada ya* kamera. Hitimisho linasema: zilishuka *kwa sababu ya* kamera. Ili mtu avuke kutoka upande mmoja hadi wa pili ni lazima awe ameamini kimyakimya kwamba bila kamera ajali zisingeshuka hivyo. Hilo hakuliandika popote. Ndiyo dhana iliyojificha, na B inaigonga hapohapo.

Kuhusu "baadhi", usifute kwa sababu ya neno. Futa kwa sababu ya kazi ambayo neno linafanya. A inasema baadhi ya madereva hawakujua kuna kamera. Wanaweza kuwa watatu. Wengine wote wakipunguza mwendo, ajali zinashuka vizuri tu. Lakini hoja ingesema "kila dereva alipunguza mwendo", basi "baadhi hawakupunguza" ingeivunja kabisa.

Penseli_HB

Shikamoo mzee. E sasa naiona. Ila B bado inanisumbua kidogo. Makutano yenye kamera yalishuka kwa ajali 48, yasiyo na kamera kwa 42. Yenye kamera bado yameshuka zaidi. Kwa nini tusiseme kamera zimesaidia?

Bi_Hesabu

Naomba nimjibu Penseli hapa, maana ndipo panapohitaji kalamu.

48 kati ya 160 ni asilimia 30. 42 kati ya 150 ni asilimia 28. Chukulia makutano yasiyo na kamera yanatuonyesha mwaka ulivyokwenda wenyewe. Basi yale 160, bila kamera yoyote, yangetarajiwa kushuka kwa asilimia 28, yaani hadi kama 115. Yalifika 112. Kamera zimebakiwa na ajali tatu hivi za kujivunia, wakati hoja ilizipa zote 48. Na tofauti ya ajali tatu katika makutano 20 inaweza kutokea bila sababu yoyote ya maana. Kwa hiyo B haithibitishi kwamba kamera hazifanyi kazi. Inauondoa karibu ushahidi wote tuliopewa. Kudhoofisha ndiko huko. Ukisubiri chaguo linaloiua hoja kabisa, mara nyingi hutalipata.

Lakini kuna jambo ambalo hamjaligusa, na kwangu ndilo lililo zito kuliko yote katika swali hili. Angalieni jinsi makutano 20 *yalivyochaguliwa*. Hayakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Yalichaguliwa kwa sababu mwaka juzi ndiyo yaliyoongoza kwa ajali.

Ajali katika makutano mamoja kwa mwaka mmoja zina sehemu mbili. Kuna ubaya wa kudumu wa mahali penyewe, kama kona isiyoonekana au taa mbovu, na kuna bahati mbaya ya mwaka huo. Ukichagua walioongoza, umekusanya makutano mabaya kweli pamoja na makutano ya kawaida yaliyopata mwaka mbaya. Mwaka unaofuata ubaya wa kudumu unabaki, lakini bahati mbaya haina sababu ya kurudi palepale. Jumla itashuka hata usipofanya lolote. Francis Galton aliandika juu ya jambo la namna hii mwaka 1886, akipima urefu wa wazazi na watoto wao: wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani watoto hao hawauzidi wastani wa watu kwa kiasi kikubwa kama wazazi wao. Tunaita kurudi kwenye wastani.

Asiyeamini achukue kete mbili. Azirushe mara 60, kila mrusho uwe makutano mamoja, na jumla ya kete mbili iwe ajali za mwaka. Aweke kando waliopata 10 au zaidi. Watakuwa kama 10 hivi. Wastani wao utakuwa karibu 10.7. Halafu awarushie tena hao tu. Wastani utaanguka kuelekea 7, maana kete hazikumbuki mwaka juzi. Huo ni mshuko wa zaidi ya asilimia 30, na hakuna kamera hata moja iliyowekwa.

Tena B imetungwa kwa uangalifu. Makutano ya kulinganisha nayo yalikuwa na ajali nyingi mwaka juzi. Yangekuwa makutano yoyote tu, ulinganisho ungekuwa na tatizo.

Nyota_ya_Saba

Samahani kwa kuingilia, mimi sifanyi mtihani wowote, ila maelezo ya Bi Hesabu yamenigusa. Kazini kwetu tupo wahudumu wa simu 60. Mwezi mmoja waliangalia alama za kuridhika kwa wateja, wakachukua 10 tuliokuwa chini kabisa, mimi nikiwemo, wakatupeleka kozi ya siku mbili. Mwezi uliofuata tisa kati yetu tulipanda. Uongozi ukasema kozi imefanya maajabu, na sasa kila mwezi 10 wa mwisho wanapelekwa, kwa kukatwa siku zao za mapumziko. Mimi mwezi ule nilikuwa nauguza mtoto, nilikuwa napata usingizi wa saa tatu tu kwa usiku. Mtoto alipopona nikarudi kwenye alama zangu za kawaida. Hiyo siyo kozi. Je, naweza kusema hoja yao ni ya uongo?

Bi_Hesabu

Pole sana dada, na nafurahi mtoto alipona. Kisa chako ni swali la Penseli likiwa limegeuzwa juu chini: wao walichagua walio chini, na walio chini kwa mwezi mmoja huwa na tabia ya kupanda mwezi unaofuata. Lakini usiseme hoja yao ni ya uongo, maana watakuuliza una uhakika gani, na huna. Kisa chako ni cha mtu mmoja kati ya 10. Wewe ni kama ile "baadhi" ya chaguo A: unaweza kuwa umepanda kwa sababu nyingine na wenzako wanane wakapanda kwa kozi.

Ungeuliza hivi: wale waliokuwa nafasi ya 11 hadi 20 kutoka chini, ambao hawakwenda kozi, nao walipanda mwezi uliofuata? Wakiwa nao wamepanda, hoja imetetereka, ingawa wao hawakuwa chini kama nyie na mtu anaweza kulisemea hilo. Kilicho safi zaidi ni mwezi ujao kuwachukua 20 wa mwisho, kupiga kura, 10 waende kozi na 10 wasubiri. Hapo makundi mawili yamechaguliwa kwa njia moja.

Nyota_ya_Saba

Hilo la kura nitalipeleka kwenye kikao. Naona hata wao watalikubali, kwa sababu halimlaumu mtu.

Penseli_HB

Sasa mzee, swali letu la pili linatumia hoja ileile, ila linauliza dhana:

> Hoja hii inategemea dhana ipi kati ya hizi?
>
> 1. Kamera ni njia bora ya kupunguza ajali kuliko njia nyingine yoyote.
>
> 2. Magari yaliyopita kwenye makutano hayo mwaka jana hayakuwa machache sana kuliko ya mwaka juzi.
>
> 3. Madereva wote waliopita kwenye makutano hayo mwaka jana walijua kamera zipo.
>
> 4. Ajali katika mji mzima zilipungua mwaka jana.

Nilichagua 3. Nilisikia habari ya kukanusha: ukilikanusha chaguo na hoja ikaanguka, ndilo jibu. Nikakanusha 3: madereva hawakujua kamera zipo. Kama hawakujua, wangepunguzaje mwendo? Hoja imeanguka. Lakini mtunzi anasema ni 2.

KasiYaUpepo

Hapa nami nilichagua 3, kwa sababu hiyohiyo. Na 2 inaongelea magari, kitu ambacho hakimo kabisa kwenye hoja. Si tunaambiwa tusiingize vitu vipya?

Mzee_wa_Mizani

Marahaba Penseli. Jaribio la kukanusha ni zuri, lakini umekanusha zaidi ya kiasi. Chaguo linasema madereva *wote* walijua. Kukanusha "wote walijua" siyo "hakuna aliyejua". Ni "si wote walijua", yaani yupo angalau mmoja ambaye hakujua. Sasa irudishe kwenye hoja: dereva mmoja hakujua kamera zipo. Hoja inaanguka? Hata haitikisiki. Basi hoja haikuihitaji dhana hiyo.

Mkanusho ni kama kuondoa tofali moja ukutani uone kama ukuta utasimama. Wewe umeubomoa upande mzima kisha ukasema tofali lile ndilo lilikuwa linaushikilia. Zoea namna hii: "wote" ikikanushwa huwa "si wote", "daima" huwa "si daima", "hakuna" huwa "yupo angalau mmoja", "baadhi" huwa "hakuna hata mmoja". Ukiyashika hayo manne, nusu ya makosa yako itaondoka.

Jaribu 2 sasa. Kanusha: magari yaliyopita mwaka jana *yalikuwa* machache sana kuliko ya mwaka juzi. Kama magari yamepungua sana, ajali zingepungua hata bila kamera, na hitimisho halina pa kusimama. Kumbuka mwandishi wa hoja hajasema lolote kuhusu magari. KasiYaUpepo, ndiyo maana inaitwa iliyojificha. Ingekuwa imetajwa, isingekuwa dhana, ingekuwa ushahidi. Kitu kipya kinakatazwa pale ambapo hakihusiani na ufa. Kinapoziba ufa, ndicho tunachokitafuta. Na majibu mengi ya dhana yana sura hii ya kinga: "hakukuwa na hili", "hakikubadilika kile". Yanazuia kitu kimoja kinachoweza kuibomoa hoja. Hayathibitishi hoja, na hayadai kuithibitisha.

Chaguo 1 ni mtego wa ukubwa. Anayesema kamera zimepunguza ajali hahitaji ziwe bora kuliko kila kitu. Na 4 ikanushe mwenyewe: ajali za mji mzima hazikupungua. Hoja inapata nguvu zaidi. Chaguo ambalo likikanushwa linaisaidia hoja haliwezi kuwa dhana yake.

Penseli_HB

Kwa hiyo maswali mawili haya ni kitu kimoja? Dhana nikiigeuza napata kinachodhoofisha?

Mzee_wa_Mizani

Mara nyingi, ndiyo. "Magari yalipungua sana" lingekuwa jibu zuri la swali la kudhoofisha. Ila usifunge njia kuelekea upande wa pili. Kitu kinaweza kudhoofisha hoja bila kuwa mkanusho wa dhana ambayo hoja haiwezi kuishi bila hiyo. Kinapunguza uwezekano tu, na swali la kudhoofisha linaridhika na hilo. Swali la dhana haliridhiki: linataka kitu ambacho kikiondoka hoja haiwezi kuendelea.

Tafakuri

Nimefuatilia uzi huu kimya tangu mwanzo. Naomba kuuliza kuhusu D ya swali la kwanza, kwa sababu kila mtu ameiruka. Makutano yaliyokuwa na ajali chache yalipata ajali zaidi kidogo mwaka jana. Je, hiyo siyo dalili kwamba madereva walikwepa kamera wakapitia njia nyingine, na ajali zikawafuata huko? Kama ni hivyo, kamera zimehamisha ajali, hazijazipunguza. Kwangu hiyo inadhoofisha kuliko B.

KasiYaUpepo

Mimi naona kinyume. Kwenye kamera zimeshuka, pasipo kamera zimepanda. D inaimarisha.

Bi_Hesabu

Na mimi ninaisoma kwa namna ya tatu. Wenye ajali chache mwaka juzi ni pamoja na waliokuwa na bahati nzuri mwaka huo. Kwa kurudi kwenye wastani, hao tunawatarajia wapande, kama vile walio juu tunavyowatarajia washuke. Kwa hiyo kwangu D ni dalili ya jambo lilelile nililosema kwenye kete, na inadhoofisha, ingawa kwa nguvu ndogo kuliko B.

Mzee_wa_Mizani

Tafakuri, umeleta swali zuri. Nitasema ninaloliona kisha mnipinge. Hitimisho lina maneno "katika makutano hayo". Tuseme madereva walikwepa kamera na ajali zikahamia kwingine. Ni habari mbaya kwa mji, lakini katika makutano hayo 20 ajali bado zimepungua, na zimepungua kwa sababu ya kamera, kwa njia ya kuwafukuza madereva. Hitimisho limesimama. Hitimisho lingesema "kamera zimeufanya mji uwe salama zaidi", ningekubaliana nawe.

Lililo zito zaidi ni hili: chaguo ambalo watu watatu makini wanalisoma kwa namna tatu, kila mmoja akiongeza maelezo yake mwenyewe, si jibu. B haihitaji msaada wako. D inahitaji uitungie hadithi kwanza.

Tafakuri

Kuhusu "katika makutano hayo" umenishinda mzee, sikuliona. Lakini hoja ya "hadithi tatu" sijaikubali. Hata B inahitaji niamini kwamba makutano yale mengine yanafanana na haya kwa mambo mengine pia, si kwa ajali za mwaka juzi tu. Labda mwaka jana yaliwekewa matuta. Hiyo nayo si hadithi?

Mzee_wa_Mizani

Ni dhana, ndiyo. B nayo ina ufa wake. Ninachosema ni kwamba ufa wa B ni mdogo kuliko wa D, na swali limesema "zaidi". Ila nakiri ni suala la kupima, na siwezi kukupa rula ya kupimia.

Msafiri_77

Nimerudi. Nimeelewa la "kikiwa ni kweli", nashukuru mzee, nilikuwa najibu swali la barabarani badala ya swali la karatasi. Lakini sasa linanitia wasiwasi. Kama kila mtu anaweza kusema "labda kuna sababu nyingine", basi hakuna kitu kitakachowahi kuthibitishwa.

Bi_Hesabu

Wasiwasi wako una historia, Msafiri. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao uliowalinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu na wagonjwa wengine katika hospitali za London, na sigara ikaonekana sana upande wa saratani. Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ile na mvutaji wa kiko, alikuja kupinga katika miaka ya 1957 na 1958. Alisema labda kuna urithi wa damu unaomfanya mtu apende kuvuta na uleule ukampa saratani. Kwenye karatasi ya mtihani, chaguo lenye maneno hayo lingekuwa jibu safi la kudhoofisha, kwa sababu mtihani unakupa "kikiwa ni kweli" bure. Nje ya mtihani, Fisher alitakiwa kuonyesha kwamba ni kweli. Ushahidi uliokuja baadaye ulikuwa mgumu kwake: walioacha kuvuta, hatari yao ilipungua kulinganisha na walioendelea, na mtu habadilishi urithi wake kwa kuacha sigara.

Kwa hiyo kusema "labda" ni kuanza kazi. Lazima kuwe na kitu ambacho hiyo "labda" inakitabiri, halafu mtu aende akaangalie.

Penseli_HB

Wakuu, nimerusha kete kweli. Nimetandika taulo mezani zisipige kelele, nikaandika matokeo yote 60 kwenye daftari. Waliopata 10 au zaidi walikuwa tisa: watano wa 10, watatu wa 11, mmoja wa 12. Jumla 95. Nikawarushia tena hao tisa, nikapata jumla 66. Mshuko wa asilimia 30 na kitu, karibu sawasawa na kamera za kwenye swali. Mmoja wa wale wa 11 alipata 11 tena, na kwa sekunde chache nilijikuta natafuta sababu kwa nini huyo hakushuka.

Jana usiku nimerudia maswali 12 niliyokosa mwezi uliopita, bila kuangalia majibu niliyochagua. Katika saba kati ya hayo, nilikuwa nimechagua chaguo linalopigana na hitimisho ambalo halikuandikwa. Sasa naandika hitimisho kwanza kwa mkono wangu, na chini yake naandika jinsi kundi lilivyochaguliwa, ndipo nasoma machaguo. Inanila sekunde 20 zaidi kwa kila swali, na dakika 45 haziongezeki. Mzee, hizo sekunde nitazirudishaje?

Mzee_wa_Mizani

Kwa wiki mbili usizirudishe, ziache zikulie. Ukishaacha kusoma machaguo matano mara mbilimbili, zitarudi zenyewe. Hapo tutapima kwa saa.

Tafakuri

Nami nimeiandika D upya: "Makutano ya jirani, ambayo madereva huyatumia kukwepa yale 20, yaliongezeka ajali 45 mwaka jana." Na hitimisho nimelibadili kuwa "kamera zimepunguza ajali mjini". Sasa nina B na D mpya mkononi, na nimekaa nazo saa nzima sijui ipi inadhoofisha zaidi. Mwenye jibu aweke na sababu.